Jenereta linawaka, ATS haibadilishi: kabla ya kununua swichi mpya, tazama waya kwenye bawaba za mlango

*"Habari za kazi mtaalamu. Nasimamia kituo cha kukusanyia maziwa hapa Tukuyu. Jenereta letu ni la fezi tatu, KVA 30, na kabati la ATS, ile swichi ya kuhamisha umeme yenyewe kati ya TANESCO na jenereta, liko ukutani na skrini yake ndogo mlangoni. Tangu mwezi uliopita TANESCO wakikata, jenereta linawaka lenyewe vizuri na mita yake inasoma 230, ila ATS haibadilishi. Tunachomeka mpini tunageuza kwa mkono. Umeme ukirudi, tukishatoa mpini, inarudi yenyewe. Cha ajabu, fundi akija akafungua kabati, siku nyingine inabadilisha bila shida. Mmoja anasema swichi imekufa, mwingine anasema jenereta halina nguvu kwa sababu ya hewa ya milimani. Nimwamini nani?"*

Ndugu yangu, usitoe hela ya swichi kwanza. Maelezo yako yana vitu viwili ambavyo mafundi hao wangevishika, nusu ya kazi ingekuwa imekwisha.

Cha kwanza ni kwamba ATS inarudi yenyewe TANESCO. ATS ya kugeuzwa kwa mpini mara nyingi huwa ni ya mota: ndani kuna swichi kubwa yenye pande mbili, na mota ndogo inayoisukuma kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kama inarudi bila kuguswa, basi mota ni nzima, gia zake ni nzima, mikono ya shaba haijaganda, na kitufe cha kuchagua kiko kwenye AUTO. Swichi iliyokufa hairudi. Kuna aina zenye koili mbili badala ya mota, moja kwa kila upande, na hizo zinaweza kufa upande mmoja tu. Nitazigusa mbele. Lakini kwa dalili zako, swichi si mtuhumiwa wangu wa kwanza, wala wa pili.

Cha pili ni kwamba mlango ukiwa wazi, siku nyingine inafanya kazi. Hiyo ndiyo dalili ninayoithamini kuliko zote, na nitairudia kwa kirefu. Kwanza tuelewane ATS inaamuaje.

Kwenye mfumo kama wako kuna kontrola mbili. Moja iko kwenye jenereta: inawasha injini, inalinda mafuta na joto, inasoma volti zinazotoka kwenye alteneta. Ya pili ni hiyo ya mlangoni kwenye kabati la ATS. Hii ya pili ndiyo inayoona kwamba TANESCO wamekata, ndiyo inayotuma ishara ya kuwasha jenereta kupitia waya mbili tu, na ndiyo inayoamua mzigo uhamie wapi. Haiulizi kontrola ya jenereta kama volti zimefika. Inapima yenyewe, kwa nyaya zake nyembamba: fezi tatu na nyutro kutoka upande wa TANESCO, na fezi tatu na nyutro kutoka upande wa jenereta. Nyaya hizo huanzia kwenye vituo vikubwa vya swichi, hupita kwenye fyuzi ndogo, mara nyingi za ampea 2, kisha huingia nyuma ya kontrola.

Kwa hiyo mita ya jenereta ikisoma 230, hilo linakuambia alteneta inazalisha. Halikuambii kama kontrola ya ATS inaziona hizo volti. Mafundi wengi hupotea hapa: wanapima kwenye jenereta, wanakuta kila kitu sawa, wanaruka moja kwa moja kuilaumu swichi. Katikati kuna njia nzima ambayo hakuna aliyeikagua.

Kontrola hairuhusu kubadilisha mpaka fezi zote tatu za jenereta zivuke kiwango kilichowekwa, na zikae hapo kwa sekunde zilizowekwa. Kiwango cha kawaida kwa mfumo wa volti 230 ni karibu asilimia 90, yaani volti 207 kila fezi. Fezi moja ikikosekana, kontrola itasubiri hata usiku kucha. Na inafanya vizuri kusubiri. Kompresa ya tenki lako la kupozea maziwa bila shaka ni ya fezi tatu. Ikipewa fezi mbili, mota yake inakwama ikinguruma, inavuta ampea nyingi na kuungua, labda ilindwe na ovalodi iliyowekwa sawasawa. ATS yako inaweza kuwa inafanya kazi yake kwa usahihi kabisa, ila imedanganywa na waya mmoja.

Sasa jaribio. Sehemu hii unaweza kuifanya mwenyewe, kwa sababu hutagusa chochote ndani. TANESCO wakiwepo, nenda kwenye jenereta, bonyeza MANUAL kisha kitufe cha kuwasha. Liache lingurume bila mzigo, na uhakikishe breka yake kuu imewashwa. ATS haitahama, kwa sababu TANESCO wapo, kwa hiyo tenki linaendelea kupoa. Rudi kwenye kabati, mlango ukiwa umefungwa kabisa kama siku zote. Kwenye skrini tafuta ukurasa wa upande wa jenereta. Nyingine huuandika GEN, nyingine S2. Andika kwenye karatasi namba sita: volti za L1, L2 na L3 kwa nyutro, na volti za fezi kwa fezi. Andika na hezi. Usiamini kumbukumbu, na usiridhike na kuona taa ya kijani.

Zikiwa sawa, utaona karibu 230 mara tatu, karibu 400 mara tatu, na hezi 50 au zaidi kidogo kwa kuwa jenereta halina mzigo. Na taa inayosema jenereta lipo tayari itawaka baada ya muda wa kupasha joto. Ipe muda huo: kwenye baridi ya huku nyanda za juu kuna mafundi wanaoweka dakika nzima au zaidi, kwa hiyo subiri dakika tano kabla ya kusema taa imegoma.

Nikueleze nilichokiona kwenye ghala la baridi la parachichi upande wa Njombe, kwa sababu dalili zao zilifanana na zako karibu neno kwa neno. Mita ya jenereta ilisoma 231, 230, 231. Skrini ya ATS, mlango umefungwa, ilisoma L1 230, L2 38, L3 231. Kati ya L1 na L3 zilikuwepo karibu 400, lakini kila kipimo kilichoigusa L2 kilianguka hadi mia mbili na kitu. Ile 38 si umeme wa kweli. Waya ukiwa umekatika, kipande kinachobaki kwenye kontrola hulala sambamba na waya wenzake wenye umeme, na kontrola inasoma mabaki yanayovuja kutoka kwao. Namba hiyo inaweza kuwa 12 leo na 60 kesho. Ukiona fezi moja imeshuka kwa kiasi cha ajabu hivyo, huku nyingine mbili zimesimama, usifikirie alteneta. Fikiria njia ya kupimia.

Mafundi waliotangulia pale ghalani hawakuwa wazembe. Walifungua mlango, wakatoa fyuzi ya L2, wakaipima kwa mlio wa mita, ikalia. Wakairudisha, wakapima volti upande wa kutokea wa fyuzi: 230. Wakaandika kwamba nyaya za kupimia ni nzima na kontrola ni mbovu. Kilichowaponyoka ni kwamba kati ya fyuzi na kontrola kuna karibu mita moja ya waya, na mita hiyo inapita kwenye bawaba za mlango.

Kontrola iko mlangoni, fyuzi ziko ndani ya kabati. Kila mlango unapofunguliwa na kufungwa, fungu lile la nyaya linakunjuka na kukunjika mahali palepale. Miaka ikienda, uzi wa shaba hukatika ndani huku plastiki ya nje ikibaki nzima, kama unavyoukata waya kwa kuupinda huku na huku mkononi. Ukiutazama kwa macho huoni kitu. Mlango ukiwa wazi, fungu limenyooka, ncha mbili za shaba zinagusana na volti zinapita. Mlango ukifungwa, fungu linakunjwa, ncha zinaachana. Kwa hiyo fundi akifungua kabati kutafuta tatizo, kitendo hichohicho cha kufungua kinaliondoa. Anajaribu, ATS inabadilisha. Anafunga, anapokea malipo, anaondoka, na usiku huo umeme ukikatika mnarudi kwenye mpini.

Tulilithibitisha hivi. Jenereta likinguruma na skrini ikiwa kwenye ukurasa wa GEN, mlango uliachwa wazi kisha ukafungwa polepole, mtu mmoja akisukuma na mwingine akisoma. Karibu na kufunga, L2 ilitoka 230 ikaruka hadi 38. Ukivutwa kidogo, ikarudi. Hakuna kipimo kilicho wazi zaidi ya hicho, na hakihitaji mita. Wewe pia fanya hivyo, ukishika mpini wa mlango kwa nje tu. Usiingize mkono, na usimruhusu mtu yeyote kupapasa lile fungu la nyaya huku chanzo chochote kikiwa hai. Mle ndani kuna TANESCO upande mmoja na jenereta upande mwingine, volti 400 kati ya fezi, kwenye vituo ambavyo mara nyingi havina kifuniko.

Ukiona namba inaruka, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, umwonyeshe ile karatasi na umwonyeshe mlango. Kazi yake iwe hivi. Azime breka ya TANESCO iliyo kabla ya kabati. Si ile ya mzigo iliyo baada yake, kwa sababu nyaya za kupimia zimechukuliwa juu ya swichi na zitabaki na umeme. Jenereta alizime, aweke kwenye STOP, kisha afungue waya wa hasi wa betri yake. Hili wengi hulidharau: ukizima TANESCO, ATS inaweza kulituma jenereta liwake wakati mtu ana bisibisi ndani. Chaja ya betri nayo izimwe. Kisha apime kwa mita kwamba pande zote mbili zimekufa kweli.

Hapo ndipo anaweza kupima waya mmoja mmoja kutoka kwenye fyuzi hadi nyuma ya kontrola, kwa mlio, huku mwenzake akitikisa mlango. Mlio ukikatika, ndio huo. Na asibadilishe huo mmoja tu. Nyaya zote za fungu hilo zina umri mmoja na zimepinda mara zilezile, kwa hiyo iliyokatika leo ni L2 na kesho itakuwa ya TANESCO, au ile ya kuwashia jenereta. Abadilishe fungu zima kwa waya laini wa nyuzi nyingi, milimita 1 au 1.5 za mraba, kila ncha ikiwa na kichwa chake kilichobanwa vizuri. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai kabisa mahali hapa, na nimeukuta zaidi ya kabati moja. Fungu livishwe mpira wa kuzungushia, libanwe upande wa kabati na upande wa mlango, na katikati libaki na ulegevu wa kutosha ili lijisokote mlango unapofunguka badala ya kupinda pembe moja.

Kuna dawa moja ya mkato ambayo nakuomba uikatae hata ukiambiwa ni ya muda tu. Fundi huchukua kipande cha waya, anaunganisha kituo cha L1 na cha L2 nyuma ya kontrola, ili kontrola ione 230 mahali pa ile 38. Au anaingia kwenye setingi na kuibadilisha iwe ya fezi moja. ATS itabadilisha, ndiyo. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna anayelinda kompresa. Breka ya jenereta ikipoteza fezi ya L2 kweli, kontrola itaona kila kitu ni sawa na kuipeleka kompresa kwenye fezi mbili. Kama kuna mtu ameshafanya hivyo kabla yako, namba za fezi kwa fezi zitamfichua: L1 kwa L2 itasoma sifuri.

Huenda ukafanya jaribio la mlango na namba zisitikisike. Basi zisome zilivyo. Kama volti za fezi kwa fezi ni 400 safi zote tatu, lakini za nyutro zimetawanyika, mathalani 190, 250 na 255, waya uliokatika ni wa nyutro ya kupimia. Kontrola imepoteza mahali pa kuhesabia sifuri. Kama fezi zote tatu zimeshuka sawasawa, tuseme 203, 203, 204, na mita ya jenereta nayo inasema hivyohivyo, nyaya hazina kosa. Volti za jenereta zenyewe ziko chini ya ile 207, na dawa ni kurekebisha AVR, kile kifaa kinachodhibiti volti za alteneta. Usishushe kiwango cha kontrola.

Hapo ndipo niliseme la hewa ya milimani. Ni kweli kwamba injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri unavyopanda, kwa makadirio ya kawaida karibu asilimia 3 kwa kila mita 300. Lakini upungufu huo huonekana injini inapobeba mzigo. Jenereta lako halijabeba chochote wakati ATS inasita. Linazunguka bure, na kwa kuzunguka bure linafikisha hezi 50 Tukuyu kama lingefikisha Dar. Hewa haizuii ATS kubadilisha. Ingekuwa ni hewa, ungeona ATS inabadilisha, kisha injini inalemewa kompresa ikiwaka, hezi zinashuka.

Bado kuna upande wa pili wa uchunguzi: namba zote sita ni nzuri, taa ya jenereta tayari inawaka, na siku ya kukatika kwa umeme bado haihami. Hapo kontrola imeridhika na volti, na kosa liko kwenye amri. Fundi asikilize kwanza kama rilei ndani ya kontrola inatoa mlio mdogo muda ukifika. Kama inalia, apime kwenye kituo cha swichi kinachopokea amri ya kwenda jenereta: amri imefika au imekwamia njiani? Na hizo nyaya za amri, kumbuka, nazo zinapita kwenye bawaba zilezile.

Kama amri imefika na mota haizunguki, aulize mota inakula umeme gani. TANESCO wakikata, mota haiwezi kutumia umeme wao. Lazima ichukue wa jenereta, na kwenye makabati mengi kuna rilei ndogo inayochagua: TANESCO wakiwepo inatoa wa TANESCO, wakikosekana inatoa wa jenereta. Rilei hiyo ikiganda upande wa TANESCO, au breka ndogo inayoilisha kutoka jenereta ikianguka, mota ina umeme wakati wa kurudi tu. Dalili yake inafanana na yako: inarudi yenyewe, haiendi. Tofauti yake ni kwamba taa ya jenereta tayari inawaka, na mlango haubadilishi kitu. Fundi apime volti kwenye vituo vya umeme wa mota jenereta likiwa hai na TANESCO wamezimwa. Akikuta sifuri, arudi nyuma hadi kwenye hiyo breka na hiyo rilei.

Akikuta 230 kwenye mota na amri pia ipo, lakini hakuna kinachosogea, hapo sasa ndipo swichi inaposhukiwa. Kama ni ya koili mbili, apime ohmu za koili ya upande wa jenereta alinganishe na ya upande wa TANESCO. Iliyokatika haitaonyesha mzunguko kabisa. Koili moja hununuliwa bila kununua swichi nzima.

Jambo dogo ambalo linaweza kukuchanganya baada ya matengenezo: kontrola nyingi zikishindwa kubadilisha huwasha kengele isiyojifuta yenyewe, na kengele hiyo huzuia jaribio lijalo hata kama kosa limeshaondolewa. Soma skrini, bonyeza kitufe cha kufuta, uhakikishe mpini umetolewa na imerudi AUTO. Kisha mjaribu kwa ukweli, asubuhi maziwa yakiwa hayajaanza kuingia: mlango umefungwa na umekazwa, jenereta kwenye AUTO, breka ya TANESCO iliyo kabla ya kabati imezimwa. Hesabu sekunde hadi jenereta liwake, hadi ATS ihame, hadi kompresa ianze. Washa TANESCO, subiri irudi, jenereta lizunguke bure kupoa kisha lizime lenyewe. Rudia baada ya kufungua na kufunga mlango mara kadhaa.

Mpaka hapo, mkiendelea kugeuza kwa mpini, zimeni breka ya kompresa kwanza, geuzeni, ndipo muiwashe. Na kabla ya kila kugeuza, soma fezi zote tatu kwenye skrini na kwenye mita ya jenereta yenyewe. Mkono hauna kiwango cha 207, kwa hiyo mtu anayegeuza ndiye kontrola kwa wakati huo. Nitumie zile namba sita ukishaziandika, za mlango wazi na za mlango uliofungwa.